Kivuli cha tangi kimelalia wapi?

Picha ni nzuri. Nyumba ya vyumba vitatu imepakwa rangi ya maziwa, bati ni la kijivu kilichokolea, geti jeusi limefunguliwa nusu. Juu ya paa kuna paneli sita za sola, na nyuma ya paa limechomoza tangi jeusi la maji. Mwenye nyumba anaitazama kwenye simu, anaikuza kwa vidole viwili, kisha anatamka maneno ambayo wachoraji wa picha za 3D wameshayazoea: "Nzuri, ila kuna kitu hakijakaa sawa."

Hawezi kukitaja, lakini jicho lake limekiona. Tangu utotoni amekuwa akiona matangi na mapaa katika jua la Dar es Salaam, na bila kufundishwa na mtu anajua kivuli cha saa sita kinavyokuwa kifupi, simtanki la lita 2000 linavyomfikia mtu kichwani, na kioo kinavyong'aa kikitazamwa kwa upande. Mchoraji aliyekosea vitu hivyo amemwonyesha nyumba iliyojengwa katika nchi nyingine.

Paneli na tangi huharibu picha kwa sababu mara nyingi huja mwishoni. Kuta, madirisha na paa huchorwa kwa vipimo kutoka kwenye ramani. Sola na tangi hupakuliwa mtandaoni dakika za mwisho, vikapachikwa panapoonekana wazi. Lakini katika nyumba halisi vitu hivi viwili ndivyo vyenye masharti makali zaidi huko juu: sola inafuata jua, tangi linafuata uzito na nguvu ya maji. Mchoraji akiyajua masharti hayo, kazi ya kuvipachika huwa karibu imekwisha.

Tuchukue nyumba hiyo hiyo na kuipitia upya. Tuiweke Kigamboni, geti likitazama kaskazini. Paa ni la mgongo mmoja, lenye mwinamo wa digrii 20, upande mmoja ukishukia kaskazini kuelekea barabarani na mwingine kusini kuelekea uani. Ukingo wa chini wa paa uko mita 3 kutoka ardhini, na kofia ya paa iko karibu mita 4.9. Upande wa uani, juu ya bafu na jiko, mafundi wamemwaga zege lenye nguzo zake, na hapo ndipo tangi litakapokaa. Kamera ya picha iko mita 10 mbele ya paa, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, yaani mita 1.6.

Kitu cha kwanza cha kukagua ni jua, kwa sababu likiwa limekosewa hakuna kitu kingine kitakachokaa sawa. Programu ya SketchUp, inayotumiwa na wachoraji wengi, ilizaliwa katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, na modeli mpya isiyopewa mahali pake huhesabu kuwa iko hukohuko. Boulder iko digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana jua lake huwa kusini mwaka mzima, na vivuli vyake huangukia kaskazini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na jua lake halina tabia hiyo hata kidogo.

Watu wa pwani wana njia rahisi ya kulikumbuka jambo hili. Kusi ikivuma, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Kaskazi ikivuma, huelekea kaskazini. Sababu ni kwamba kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, na miezi mitano iliyobaki hupita kusini. Katika siku chache za mpito, linakuwa la utosi kabisa na tangi hukanyaga kivuli chake lenyewe.

Tofauti hiyo inapimika. Chukua kitu chochote chenye urefu wa mita 2. Tarehe 21 Juni, jua likiwa katikati ya siku, Dar es Salaam kivuli chake kina urefu wa kama mita 1.2 na kimelalia kusini. Katika modeli iliyosahauliwa Boulder, siku hiyohiyo, kivuli kina sentimita 60 na kimelalia kaskazini. Tarehe 8 Novemba ni kinyume: Boulder kivuli kinafika mita 3, wakati Dar es Salaam hakifiki hata sentimita 40. Ndiyo maana nyumba nyingi za kwenye picha zinaonekana kama ziko katika alasiri ya baridi isiyokwisha, na vivuli virefu vimelala juu ya mabati saa ambayo mtu wa Kigamboni anatafuta mwembe wa kujikinga.

Dawa yake ni kuweka mahali halisi, tarehe na saa ndani ya programu, kisha kuhakikisha kuwa kaskazini ya modeli ndiyo kaskazini ya kiwanja. Hatua hii ya pili husahaulika zaidi. SketchUp huchukulia mhimili wa kijani kuwa ndio kaskazini, ilhali mchoraji huwa ameigeuza nyumba ikae sambamba na mihimili ili achore kwa urahisi. Anaweza kuandika Dar es Salaam kwa usahihi wote na bado jua likachomoza upande wa choo.

Kosa jingine la jua hutokana na picha ya anga inayozungushwa modeli nzima. Picha hiyo ina jua lake ndani. Mchoraji akiongeza taa ya jua ya programu bila kuvilinganisha, nyumba inakuwa na majua mawili: kivuli cha tangi kinakwenda upande mmoja, na mng'ao kwenye kioo cha paneli unatoka upande mwingine. Mtazamaji hatasema "majua mawili". Atasema tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Sasa paneli zenyewe. Paneli ya wati 550 iliyo kawaida sokoni ina urefu wa takriban mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na unene wa fremu yake ni sentimita 3 hadi 3.5. Sita zikisimamishwa bega kwa bega, na upenyo wa sentimita 2 kati ya moja na nyingine kwa ajili ya klampu, zinakuwa ukanda wa karibu mita 6.9. Upande wa paa la nyumba yetu, kutoka ukingoni hadi kwenye kofia, una mita 5.4, kwa hiyo ukanda mmoja unaingia vizuri na nafasi inabaki juu na chini. Nafasi hiyo isifutwe. Fundi anahitaji pa kukanyaga, na upepo huwa mkali zaidi kingoni mwa paa. Picha yenye paneli zilizojazwa hadi kwenye mfereji wa mvua inaonyesha kazi ambayo fundi mzoefu asingeikubali.

Mwinamo nao huponza wengi. Modeli nyingi za paneli mtandaoni zimechorwa kwa nchi za baridi, zikiwa zimeinuliwa digrii 30 au 40 juu ya fremu za pembetatu. Huko jua liko chini, ni lazima ziinuliwe. Karibu na ikweta paneli hutaka kulala. Kwa Dar es Salaam digrii 7 zingetosha kwa jua, na mafundi hupenda zifike 10 ili mvua ioshe vumbi. Paa la digrii 20 linalotazama kaskazini linafaa kama lilivyo, na paneli hulala sambamba na bati. Hata paa linalotazama mashariki au magharibi halipotezi sana katika maeneo haya. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuona fremu za pembetatu zimesimama juu ya bati la Kigamboni, isipokuwa mchoraji anataka paneli zionekane.

Kulala sambamba hakumaanishi kugandana. Paneli hukaa juu ya reli za alumini, na chini yake hubaki uwazi wa kama sentimita 10 ili hewa ipite na kuzipoza. Uwazi huo ndio unaotoa mstari mwembamba wa kivuli chini ya ukingo wa paneli, na ndani ya kivuli hicho migongo ya bati inaendelea kuonekana ikipita. Mstari huo ukikosekana, paneli huonekana kama stika. Kuuweka si kazi kubwa: paneli ichorwe kama sanduku lenye unene, siyo picha iliyobandikwa kwenye uso wa paa, iinuliwe sentimita 10, na ncha za reli zichomoze kidogo pembeni.

Kioo ndicho kinachowapa wachoraji shida zaidi, na hapa kamera ndiyo inayoamua kila kitu. Kioo cha kawaida kikitazamwa uso kwa uso hurudisha asilimia 4 tu ya mwanga, na mwingine wote huingia ndani. Kadiri mtazamo unavyolala, ndivyo kinavyorudisha zaidi. Katika picha yetu kamera iko chini barabarani, na mstari wa jicho unaipiga paneli kwa digrii 10 tu kutoka kwenye uso wake. Kwa pembe hiyo kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 40. Paneli zina kioo kilichotiwa utando wa kupunguza mng'ao, lakini mtazamo ukilala kiasi hicho hata utando hauzuii anga kuonekana.

Maana yake ni kwamba mtu aliye getini haoni weusi wa paneli. Anaona anga. Tena siyo anga iliyo nyuma yake wala miti ya barabarani: kwa hesabu ya pembe hizo, kioo kinamrudishia kipande cha anga kilicho upande wa kusini, digrii 30 juu ya upeo, yaani nyuma ya nyumba. Mistari ya seli inafifia, na ukanda mzima unakuwa wa samawati iliyofifia au kijivu cha mawingu, ukipakana na bati kwa fremu na kivuli chake. Mchoraji anayeng'ang'ania kuonyesha miraba myeusi yenye mistari myeupe kutoka getini anaonyesha kitu ambacho hakuna mpita njia aliyewahi kukiona.

Paneli hizohizo zikipigwa picha na droni kutoka juu, kwa mtazamo wa digrii 45 kushuka, hugeuka kabisa. Hapo jicho linaingia karibu uso kwa uso, kioo kinarudisha ile asilimia 4, na seli nyeusi zenye kivuli cha bluu zinajitokeza wazi. Hapo ndipo vipimo vya seli vinapoanza kuwa na maana. Paneli nyingi za wati 550 zina nusu-seli 144, sita kwa upana na 24 kwa urefu, kila moja ikiwa na kama sentimita 18 kwa 9. Picha ya seli ikivutwa vibaya, zinakuwa kubwa kama vigae vya sakafuni, na paneli nzima inaonekana kama mlango wa kabati.

Mchoraji hahitaji kutengeneza paneli mbili, moja ya geti na moja ya droni. Programu ikipewa kioo cha kweli itaibadilisha yenyewe. Katika Blender, kwa mfano, rangi ya chini iwe nyeusi ya bluu isiyo nyeusi tii, `IOR` ibaki 1.5, `Roughness` iwe karibu 0.1, na `Metallic` iachwe kwenye sifuri. Kosa linalojirudia ni kuipandisha hiyo ya mwisho ili paneli "zing'ae". Zinageuka sahani za chuma, zinang'aa sawasawa kutoka kila upande, na hapo ndipo mtu anapoziona kuwa za bandia. Baada ya hapo kinachobaki ni vumbi: utepe mwembamba wa kahawia juu ya fremu ya chini, mahali ambapo maji ya mvua hukwama na kukauka.

Tukipanda kwenye tangi, swali la kwanza ni uzito. Lita 1000 za maji ni tani moja. Tangi la lita 2000 likijaa ni tani mbili zimekaa mahali penye kipenyo cha kama mita 1.3, uzito wa gari la familia na zaidi. Kenchi za mbao zilizotengenezwa kubeba bati haziwezi kubeba mzigo huo. Hata hivyo zipo picha zinazoonyesha tangi limekaa juu ya bati, tena kwenye mwinamo, likishikiliwa na imani. Mtazamaji asiyejua hesabu yoyote huhisi kwamba litaporomoka.

Tangi linahitaji zege, na chini ya zege nguzo au kuta zinazofika ardhini, na hizo nazo zionekane au angalau zieleweke kwenye picha. Juu ya zege, kitako cha tangi la plastiki kinatakiwa kulala chote kwenye sehemu bapa. Likikaa juu ya vyuma vilivyopishana, plastiki hubonyea katikati ya vyuma hivyo na baada ya muda hupasuka. Kwa hiyo mnara wa chuma usio na ubao au bamba juu yake ni kosa la fundi, na ukichorwa ni kosa la mchoraji.

Kimo nacho kina sababu. Kila mita 1 ya kimo cha maji huleta nguvu ya takriban baa 0.1. Bomba la mvua la bafuni likiwa mita 2 kutoka sakafuni, na tangi likiwekwa juu ya dari tu, maji hutoka kwa kusuasua. Katika nyumba yetu zege limepandishwa ili kitako cha tangi kiwe mita 5 kutoka ardhini, na bafu linapata mita 3 za kushuka. Tangi lenyewe lina urefu wa kama mita 1.6, hivyo kilele chake kiko mita 6.6.

Hapo hesabu ya kamera inarudi. Mstari wa jicho unaotoka getini na kugusa kofia ya paa, ukiendelea hadi lilipo tangi mita 9 nyuma ya ukingo wa mbele, unafika kimo cha mita 5.7. Kwa hiyo mtu wa getini anaona sentimita 90 tu za juu za tangi: mfuniko, mabega yake ya mviringo na mikanda miwili mitatu. Chini yake paa limeziba. Picha inayoonyesha tangi zima kutoka getini imelipandisha hewani, au imelikuza.

Kukuza ni kosa jepesi kufanya, maana modeli za mtandaoni huja kwa vipimo vya kila aina. Njia ya kuligundua ni kumsimamisha mtu wa mita 1.7 kando ya tangi kabla ya kulipandisha. La lita 1000 litamfika kifuani, la 2000 litamfika kwenye paji la uso, na la 5000 litampita, likiwa na kimo cha zaidi ya mita 2 na kipenyo cha kama mita 1.8.

Rangi ya tangi jeusi pia si nyeusi tupu. Plastiki hiyo hutiwa masizi ili kuikinga na jua na kuzuia mwanga unaootesha ukijani ndani, lakini juani huonekana kijivu cha mkaa. Matangi haya hutengenezwa kwa unga wa plastiki unaoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, ndiyo maana hayana kona kali popote, na uso wake haung'ai kama gari jipya. Mchoraji akiweka weusi wa sifuri anapata tundu kwenye anga. Akiweka kijivu cheusi chenye `Roughness` ya 0.5 hivi, vumbi jepesi mabegani na alama nyeupe ya chokaa chini ya bomba la kufurikia, tangi linapata umri. Mabomba yasisahaulike: moja la kuingiza maji karibu na mfuniko, moja la kufurikia chini kidogo yake, na moja la kutolea maji karibu na kitako likiwa na koki.

Limebaki suala la paneli na tangi kuwa majirani. Paneli huungwa kwa mfuatano, na moja ikifunikwa na kivuli huvuta chini uzalishaji wa wenzake. Ndiyo maana tangi letu liko upande wa kusini. Kwa kipindi chote kile cha miezi saba, kivuli chake cha adhuhuri huangukia uani, mbali na sola. Kuanzia Oktoba hadi Machi kinageukia paneli, lakini ni kifupi. Kilele cha tangi kimeipita paneli ya juu kwa mita 2.5, na katika siku mbaya zaidi ya Desemba, kuanzia karibu saa tatu na nusu asubuhi hadi alasiri, kivuli hakisogei kaskazini zaidi ya mita 1.2. Paneli ziko zaidi ya mita 5. Kama tangi lingewekwa upande wa kaskazini, kivuli cha Juni saa hizohizo za asubuhi kingefika mita 2 kuelekea paneli, na kingezidi kwa sababu paa linashuka upande huo.

Mchoraji akishafika hapa anazungusha tarehe: 21 Juni, kisha 21 Desemba, asubuhi, mchana, alasiri. Tangi linapita mtihani wote. Kinachofeli ni kitu ambacho hakuna aliyekipima. Mwembe wa mita 8, uliopakuliwa na kupandwa kwenye kona ya magharibi ya bustani ya mbele ili kuipamba picha, alasiri ya Juni unatupa kivuli kinachosogea mita 4 na nusu mashariki na mita 3 kusini, na tawi lake la juu linafunika paneli ya mwisho. Katika picha ya awali kivuli hicho hakikuonekana, kwa kuwa jua lilikuwa la Boulder. Paa lina urefu wa mita 14 na paneli zinahitaji 6.9 tu, kwa hiyo ukanda mzima unasogezwa mita 2 kuelekea mashariki, na mwembe unabaki mahali pake.